Sehemu ya Kumi Isiyoisha: Nambari Iliyokatwa Dhahran

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki lilianguka juu ya bohari moja katika eneo la Dhahran, mashariki mwa Saudi Arabia. Bohari hiyo ilikuwa imegeuzwa bweni la wanajeshi wa Marekani. Watu 28 walikufa. 13 kati yao walitoka kikosi kimoja cha akiba cha Pennsylvania, watu wa kusafisha maji, na walikuwa wamefika Saudi Arabia siku chache tu zilizotangulia.

Eneo hilo lilikuwa na ulinzi. Mtambo wa Patriot, uliotengenezwa mahsusi kuona makombora angani na kuyatungua, ulikuwa umewashwa na rada yake iko kazini. Lakini usiku huo haukurusha chochote. Haukuharibika, umeme haukupotea, na askari waliouendesha hawakulala. Mtambo ulitazama angani, ukatafuta kombora mahali ambapo hesabu zake zilisema lingekuwa, ukakuta hapana kitu, ukaendelea na shughuli zake.

Mwaka uliofuata, Februari 1992, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti fupi kuhusu mkasa huo. Ukiisoma ukitarajia hujuma ama sehemu mbovu, utashangaa. Kisa kizima kinazunguka nambari ambayo mtoto wa darasa la tano anaijua: 0.1, yaani sehemu moja ya kumi. Ilikuwa imehamishwa kutoka mfumo wetu wa kumi hadi mfumo wa kompyuta wa mbili, na njiani ikapungua kidogo. Ili kuelewa ilipungua vipi, lazima turudi nyuma kwa swali ambalo wengi wetu tuliruka shuleni: hizi tarakimu tunazoandika, kila moja inasimamia nini hasa?

Mahali ndipo penye thamani

Chukua 254, nambari inayotangulia kila simu ya Kenya. Ukiitamka kwa Kiswahili, mdomo unataja kila kitu: mia mbili, hamsini, na nne. Neno "mia" lipo, neno "hamsini" lipo. Mtaani pia ni hivyo hivyo: soo mbili, finje, na bob nne. Lakini ukiiandika, yale maneno yanatoweka. Hakuna alama yoyote kwenye karatasi inayosema "mia". Kinachosema mia ni mahali. Ile 2 ina thamani ya mia mbili kwa sababu tu imesimama nafasi ya tatu kutoka kulia.

Huo ndio ujanja wote. Nafasi ya mwisho kulia ni ya moja moja. Ukisogea kushoto hatua moja, thamani inazidishwa mara kumi. Hatua nyingine, mara kumi tena. Kwa hivyo 254 ni 2 mara 100, jumlisha 5 mara 10, jumlisha 4 mara 1. Warumi hawakuwa na ujanja huu. Herufi yao C ilikuwa mia popote ulipoiweka, ndiyo maana kuzidisha kwa tarakimu za Kirumi ni adhabu.

Mfumo wa nafasi tunaotumia ulikomaa India. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa akitumia sifuri kama nambari kamili, si pengo tu. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu kueleza hesabu hiyo ya Kihindi kwa Kiarabu, na kupitia tafsiri za Kilatini ikasambaa Ulaya. Sisi huku pwani tulipokea sehemu ya urithi huo kwa maneno. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia na elfu vyote vilikuja na Kiarabu, vikakaa kando ya moja, mbili, tatu na kumi vya Kibantu. Hata "sifuri" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu. Na ndiyo kazi yake: kushikilia mahali. Katika 204, sifuri inasema "hapa pa makumi hapana kitu, lakini msisogee."

Sasa angalia upande wa pili wa nukta. Ukienda kulia badala ya kushoto, sheria ni ile ile, ila kinyume: kila hatua unagawanya kwa kumi. Nafasi ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi, ya pili ni za mia, ya tatu ni za elfu. Kitabu cha kale zaidi kinachojulikana kutumia sehemu za aina hii kiliandikwa Damascus katikati ya karne ya 10, na mwanahisabati al-Uqlidisi. Kwa hivyo 0.1 ni moja tu, iliyowekwa kwenye nafasi ya kwanza ya kulia. Haina siri yoyote. Siri inaanza ukibadilisha mfumo.

Noti za duka la ajabu

Hakuna sheria ya maumbile inayosema kila hatua lazima iwe mara kumi. Tulichagua kumi, pengine kwa sababu ya vidole. Mwaka 1703 Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha kupitia chuo cha sayansi cha Paris makala iliyoonyesha kwamba unaweza kuandika nambari zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Yeye aliuona mfumo huo kama kitu cha kupendeza akili zaidi ya kifaa cha sokoni. Ulisubiri zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1937, Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha kwenye tasnifu yake kwamba saketi za swichi za umeme, ambazo ama zimefungwa ama zimefunguliwa, zinaweza kufanya kazi ya mantiki na kujumlisha nambari za Leibniz. Swichi ina hali mbili. Tarakimu ni mbili. Ndoa ikafungwa.

Katika mfumo huu wa mbili, kila hatua ya kushoto inazidishwa mara mbili badala ya mara kumi. Nafasi ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea. Fikiria duka ambalo noti zake ni za thamani hizo, na unaruhusiwa kubeba noti moja tu ya kila aina. Kulipa bei yoyote ni kujibu swali moja kwa kila noti: naitoa ama siitoi? Ukiitoa andika 1, usipoitoa andika 0.

Tufanye na nambari itakayorudi baadaye kwenye kisa chetu: 100. Noti ya 128 ni kubwa mno, iache. Ya 64 inatosha, itoe, imebaki 36. Ya 32 inatosha, itoe, imebaki 4. Ya 16, hapana. Ya 8, hapana. Ya 4, itoe, imebaki 0. Ya 2, hapana, ya 1, hapana. Ukisoma majibu kuanzia 64 unapata 1100100. Hiyo ndiyo mia moja, nambari ile ile, imevaa nguo nyingine.

Kuna njia ya pili ambayo haihitaji kukisia noti. Gawanya kwa 2 mfululizo na uandike baki kila mara:

```
100 / 2 = 50  baki 0
 50 / 2 = 25  baki 0
 25 / 2 = 12  baki 1
 12 / 2 =  6  baki 0
  6 / 2 =  3  baki 0
  3 / 2 =  1  baki 1
  1 / 2 =  0  baki 1
```

Soma baki kutoka chini kwenda juu: 1100100. Kosa la kawaida hapa ni kusoma kutoka juu kwenda chini. Baki ya kwanza inakuambia kama nambari ni shufwa ama witiri, kwa hivyo ni ya nafasi ya mwisho kulia. Ukigeuza, unapata 0010011, ambayo ni 19. Njia ya kujihakikishia ni kurudi ulikotoka: jumlisha 64, 32 na 4, uone kama ni mia.

Shida ya mfumo wa mbili ni macho ya binadamu. Nambari ndogo tu inakuwa treni ya moja na sifuri, na ukiruka behewa moja umepotea. Mafundi wa kompyuta wakatafuta njia ya kufupisha bila kubadilisha kitu ndani, na hapo ndipo mfumo wa kumi na sita ulipoingia. Kumi na sita ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, kwa hivyo kila tarakimu yake moja inafunika biti nne kamili, wala hakuna baki. Tatizo lilikuwa tarakimu zenyewe: baada ya 9 zinahitajika alama sita zaidi. Kila kiwanda kilijichagulia zake. Mashine ya Bendix G-15 ya miaka ya 1950, kwa mfano, ilitumia herufi U hadi Z. Zile tunazozijua leo, A ya kumi hadi F ya kumi na tano, zilizoeleka baada ya IBM kuzitumia kwenye familia yake ya System/360 iliyotangazwa Aprili 1964.

Kuhamisha kati ya mbili na kumi na sita ni kazi ya macho tu. Kata biti nne nne kuanzia kulia, jaza sifuri kushoto zikipungua. 1100100 inakuwa 0110 0100, yaani 6 na 4, kwa hivyo mia moja huandikwa 64. Usiisome "sitini na nne"! Ile 6 iko nafasi ya kumi na sita, si ya makumi: 6 mara 16 ni 96, jumlisha 4, ni mia. Ndiyo sababu waandishi wa programu huanza na alama `0x`, wakaandika `0x64`, ili asiwepo wa kuchanganyikiwa. Ile 254 yetu ya simu? Biti zake ni 1111 1110, kwa hivyo ni `0xFE`: 15 mara 16, jumlisha 14.

Kufikia hapa mambo ni safi. Nambari nzima yoyote, ndogo ama kubwa, inahama kati ya mifumo mitatu bila kupoteza hata chembe. Balaa iko kulia kwa nukta.

Upande wa kulia

Katika mfumo wa mbili, nafasi za baada ya nukta ni nusu, robo, sehemu ya nane, sehemu ya kumi na sita, na kuendelea kukatwa nusu kwa nusu. Sasa jaribu kulipa 0.1 kwa noti hizo. Nusu ni kubwa mno. Robo, kubwa. Sehemu ya nane ni 0.125, bado kubwa. Sehemu ya kumi na sita ni 0.0625, itoe, imebaki 0.0375. Ya thelathini na mbili ni 0.03125, itoe, imebaki 0.00625. Unakaribia, unakaribia, lakini hufiki.

Njia ya haraka ni kinyume cha ile ya kugawanya: zidisha kwa 2 na uchukue tarakimu inayojitokeza kushoto kwa nukta.

```
0.1 x 2 = 0.2   andika 0
0.2 x 2 = 0.4   andika 0
0.4 x 2 = 0.8   andika 0
0.8 x 2 = 1.6   andika 1, baki 0.6
0.6 x 2 = 1.2   andika 1, baki 0.2
0.2 x 2 = 0.4   andika 0
```

Simama hapo. Tumerudi kwa 0.2, mahali tulipokuwa mstari wa pili. Kuanzia sasa tutazunguka njia ile ile milele: 0.000110011001100110011 na haina mwisho. Safari hii, baki tunazisoma kutoka juu kwenda chini, kwa maana ya kwanza ndiyo iliyo karibu na nukta.

Mfumo wa kumi na sita unaonyesha ugonjwa huu waziwazi zaidi. 0.1 mara 16 ni 1.6, andika 1, baki 0.6. 0.6 mara 16 ni 9.6, andika 9, baki 0.6. Tena 9.6, tena 9. Kwa hivyo sehemu moja ya kumi, kwa kumi na sita, ni 0.19999999, tisa zisizokoma.

Sababu si uvivu wa kompyuta. Kumi ni mbili mara tano. Ukikata kitu nusu, na nusu yake, na nusu ya nusu, hutawahi kupata vipande vinavyogawanyika kwa tano sawasawa. Ni jambo lile lile linalotupata sisi tukigawana soo moja watu watatu: 33.3333 na haikwishi, kwa maana kumi haina tatu ndani yake. Tumezoea kutosha kuivumilia theluthi. Tusichozoea ni kwamba 0.1, ambayo kwetu ni nambari fupi kuliko zote, kwa kompyuta ni theluthi.

Na kompyuta haina karatasi isiyoisha. Mahali fulani lazima ikate.

Saa mia moja

Rudi Dhahran. Kompyuta ya Patriot ilibuniwa miaka ya 1970, na visanduku vyake vya kuwekea nambari vilikuwa na biti 24. Saa ya ndani ilihesabu muda tangu mtambo uwashwe kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa nambari nzima: moja, mbili, tatu, bila kukosea. Programu ilipotaka muda kwa sekunde, ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1. Na 0.1 iliyokuwa ndani ya kisanduku ilikuwa hii:

```
0.00011001100110011001100
```

Tarakimu 23 baada ya nukta, basi. Mkia uliobaki ulikatwa. Ukiisoma kwa kumi na sita, ni 0.199998 badala ya 0.199999 na kuendelea. Tofauti yake kwa mfumo wetu ni takriban 0.000000095. Kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde, saa ya mtambo ilirudi nyuma kwa kiasi ambacho hakuna binadamu angeweza kukihisi.

Lakini kosa hili lilikuwa la upande mmoja. Halikuwa leo juu kesho chini hata lijifute. Kila mara lilipunguza, na kadiri hesabu ilivyokua, nalo lilikua sawia. Usiku ule mtambo ulikuwa umewashwa mfululizo kwa takriban saa 100. Saa 100 ni sekunde 360,000, yaani sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha kwa 0.000000095 na ushee: unapata sekunde 0.34. Theluthi moja ya sekunde.

Theluthi ya sekunde ni kitu gani? Kwa matatu iliyokwama Thika Road, si kitu. Scud iko kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu kila sekunde. Na Patriot haikutafuta kombora anga nzima. Rada ilipoona kitu, programu ilichukua kasi yake na wakati kilipoonekana, ikapiga hesabu ya mahali kitakapokuwa muda mfupi baadaye, kisha ikafungua dirisha dogo la kutazama hapo tu. Kitu kikionekana ndani ya dirisha, ni kombora kweli. Kisipoonekana, rada iliona kivuli, sahau. Kwa mujibu wa ripoti ile, baada ya saa 100 dirisha lilikuwa limesogea mita 687. Scud ikapita nje yake.

Hapa mtu makini atauliza: kama saa yote imechelewa, si makosa ya wakati wa kwanza na wa pili yangefutana ukitoa kimoja kwa kingine? Swali zuri. Yangefutana, kama yangekuwa sawa. Mwaka 1992 mwanahisabati Robert Skeel alieleza ni kwa nini hayakufutana. Programu ilikuwa imerekebishwa ili ibadilishe muda kwa usahihi zaidi, lakini rekebisho hilo halikuwekwa kila mahali lilipohitajika. Wakati mmoja ukahesabiwa kwa 0.1 nzuri, mwingine kwa 0.1 iliyokatwa, kisha ukatolewa mmoja kwa mwingine. Dawa nusu ikawa mbaya kuliko ugonjwa mzima.

Cha kuumiza ni kwamba dalili zilikuwa zimeonekana. Tarehe 11 Februari, wiki mbili kabla, Waisraeli waliokuwa wakitumia Patriot waliwapa Wamarekani data iliyoonyesha kwamba baada ya saa 8 mfululizo dirisha lilikuwa limesogea asilimia 20. Mwenye kalamu angeweza kumaliza hesabu. Kosa linakua sawia na muda. Dirisha likisogea asilimia 50, kombora halipo tena ndani yake. Asilimia 20 kwa saa 8 ni asilimia 50 kwa saa 20. Jibu lilikuwa saa 20, na tiba ya muda ilikuwa rahisi: zima, washa tena, saa ianze kwa sifuri. Kuwasha upya kulichukua kati ya sekunde 60 na 90.

Maafisa waliohusika walidhani hakuna anayeendesha mtambo muda mrefu kiasi hicho. Patriot ilibuniwa kuhamahama, iwashwe saa chache, ihamishwe. Hata hivyo programu mpya ilitayarishwa na kutolewa tarehe 16 Februari. Tarehe 21 ujumbe ulitumwa kwa watumiaji kwamba kuendesha mtambo kwa muda "mrefu sana" kunaweza kusogeza dirisha. Mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Vitani usafiri ni shida, kwa hivyo programu mpya ilichukua siku kadhaa kufika kwenye kila kikosi. Dhahran ilifika tarehe 26 Februari. Scud ilikuwa imeanguka jana yake.

Haki itendeke: asiwepo anayeweza kuapa kwamba kombora la Patriot lingerushwa usiku ule, lingeipata Scud. Wataalamu walibishana sana baadaye kuhusu ni Scud ngapi hasa ambazo Patriot ilizitungua katika vita vile. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba mtambo haukupata hata nafasi ya kujaribu.

Bado iko ndani ya laptopu yako

Tangu wakati huo kompyuta zimepanua visanduku. Lugha ya Python, kwa mfano, hutumia biti 53 kuhifadhi tarakimu za sehemu kama hii. Lakini 53 si milele, na 0.1 bado haiishi. Ifungue uandike:

```
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
>>> (0.1).hex()
'0x1.999999999999ap-4'
```

Mstari wa mwisho ni 0.1 ikiwa uchi, kwa mfumo wa kumi na sita. Ile `p-4` inamaanisha gawanya kwa 2 mara nne, yaani kwa 16, na hapo `1.999` inakuwa ile 0.1999 tuliyoipata kwa mkono. Kisha tazama tarakimu ya mwisho. Tisa, tisa, tisa, halafu ghafla `a`, yaani kumi. Hapo ndipo karatasi iliisha. Safari hii mkia haukutupwa tu kama kwenye Patriot. Ulikuwa mkubwa kuliko nusu ya nafasi ya mwisho, kwa hivyo tarakimu ya mwisho ikapandishwa kutoka tisa hadi kumi. Kosa sasa ni dogo mara nyingi mno, na liko upande wa juu. Bado ni kosa.

Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi yao huhesabu pesa kwa senti nzima wala si kwa shilingi zenye nukta, na huhifadhi muda kwa nambari nzima, mpaka dakika ya mwisho ya kumwonyesha mtu. Ndiyo maana pia hawaiulizi kompyuta kama nambari mbili zenye nukta ni sawa kabisa. Huuliza kama tofauti yake ni ndogo kuliko kiasi walichokubaliana.

Saa ya Patriot ilihesabu sawasawa usiku ule, hadi mpigo wa mwisho. Kila sehemu ya kumi ya sekunde, kwa saa mia moja, ilikuwa mahali pake. Kilichopungua ni nambari moja iliyotumiwa kuisoma: `0.199998`, penye tisa ikaandikwa nane.